Petroli ipae hewani, kijana alipe mfukoni?

Ndugu msomaji, kuna neno moja linalowatoa jasho vijana wa sheli kuliko jua la saa saba: shoti. Muulize kijana yeyote aliyewahi kushika nozeli hapa Dar es Salaam. Bosi anafika asubuhi na daftari, fimbo ya dipu inazamishwa kwenye tenki, inatolewa, inasomwa, hesabu inapigwa. Halafu linatoka tamko: "Petroli imepungua. Mtalipa." Hakuna swali wala maelezo, na mwisho wa mwezi bahasha inakuja imekonda.

Mwandishi wa makala haya hasimuliwi. Nilipomaliza kidato cha nne nilishika nozeli kwa miezi kadhaa kwenye sheli moja ambayo sitaitaja. Nilikatwa shoti mara tatu, na mara zote tatu fedha nilizokabidhi zilikuwa sawa na mita yangu, shilingi kwa shilingi. Nilipouliza nimeiba nini, meneja alinijibu kwamba mafuta hayana miguu. Nilinyamaza kwa sababu sikujua. Leo najua, na nataka na wewe ujue: mafuta yana miguu! Yanatembea bila mtu kuyagusa, na njia zake zinajulikana na kupimika. Anayemkata kijana mshahara bila kuzihesabu njia hizo ndiye mwizi wa kwanza kwenye sheli.

MITA NA FIMBO HAVISEMI KITU KIMOJA

Tuanze na jambo ambalo mabosi wengi hawapendi lielezwe. Sheli ina vipimo viwili tofauti. Cha kwanza ni mita ya pampu. Inahesabu kila lita iliyopita kwenye nozeli, na haifutwi mteja akiondoka. Namba ndogo zile za mteja zinarudi sifuri, lakini mita ya jumla inaendelea kupanda tu. Kijana anapoingia shifti anaandika mita ya kuanzia, na anapotoka anaandika ya kumalizia. Tofauti ikizidishwa kwa bei ndiyo fedha anayodaiwa. Hapo hakuna ubishi: ukikabidhi pungufu ya mita, deni ni lako.

Kipimo cha pili ni fimbo ya dipu. Hii haipimi lita hata moja. Inapima kina cha mafuta kwa milimita, kisha mtu anafungua chati ya tenki na kusoma kina hicho ni sawa na lita ngapi. Bosi anachukua dipu ya mwanzo, anaongeza mafuta yaliyoletwa na lori, anatoa mauzo ya mita. Jibu analopata ndilo linalotakiwa kuwemo kwenye tenki. Akipiga dipu mpya na kukuta pungufu, hiyo ndiyo shoti ya tenki.

Sasa nakuuliza, ndugu msomaji: kijana wa nozeli anahusika vipi na shoti ya tenki? Ufunguo wa tenki hana. Lori likija, anayepokea ni meneja. Fimbo hashiki, chati haoni. Yeye yuko upande wa pili wa mita. Kumbebesha shoti ya dipu ni sawa na kumkata mshahara mhudumu wa hoteli kwa sababu gunia la mchele ghalani limeliwa na panya!

WIKI MOJA, LITA 135

Tusiishie kwenye maneno, tuchukue mfano na kuufuata hadi mwisho. Sheli ina tenki la petroli la lita 30,000 limelazwa chini ya ardhi kama pipa, kipenyo chake mita mbili na nusu. Jumatatu asubuhi dipu inaonyesha lita 12,400. Jumatano linakuja lori na lita 10,000 kwa mujibu wa karatasi. Hadi Jumatatu inayofuata, mita za pampu zote zinasema zimeuzwa lita 16,200. Kwa hesabu za daftari, tenki linatakiwa kuwa na lita 6,200. Dipu inasema 6,065. Zimepotea lita 135.

Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Hiyo ni shilingi 405,000. Vijana wako watano, kila mmoja anakatwa 81,000. Bosi anaondoka akijisifu kwamba amewakomesha wezi. Lakini hebu tutafute hizo lita zimekwenda wapi.

Njia ya kwanza ni joto. Petroli ikipata joto inavimba, ikipoa inasinyaa. Kwa kila digrii moja ya joto inayopungua, ujazo unapungua karibu lita moja katika kila elfu, pungufu kidogo tu ya hapo. Mafuta ya lori lile yalitoka kwenye matenki makubwa ya ghala yaliyosimama juani. Tuseme yalipakiwa yakiwa na digrii 33, na huku chini ya ardhi yakatulia kwenye digrii 28. Digrii tano hizo kwenye lita 10,000 ni karibu lita 48. Hakuna tone lililomwagika na uzito ni uleule, ila lita zimepungua. Karatasi ya lori imeandika lita za moto, fimbo ya bosi inasoma lita za baridi.

Njia ya pili ni uvukizi wenyewe. Tenki lina bomba la hewa linalochomoza juu pembeni mwa sheli. Lori linaposhusha, mafuta yanaingia na mvuke uliojaa ndani unasukumwa nje kupitia bomba hilo. Ile harufu kali unayoisikia lori likishusha ni petroli ya sheli inayoondoka. Usiku na mchana pia tenki linapumua kidogo kidogo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliwahi kukadiria upotevu huu kwa sheli zisizo na mitambo ya kurudisha mvuke. Mafuta yakimwagwa kutoka juu kama maporomoko, kushusha na kupumua kwa pamoja kunachukua karibu gramu moja na nusu kwa kila lita. Hiyo ni kama lita mbili katika kila elfu. Kwenye lori letu ni lita 20. Bomba la kushushia likifika hadi karibu na sakafu ya tenki, upotevu unapungua kwa kama theluthi moja, kwa sababu mafuta hayarushiwi hewani. Kwa hiyo hata hapo aliyefunga bomba fupi ni mwenye sheli, si kijana.

Njia ya tatu ni pampu. Hakuna mita duniani isiyokosea. Mwongozo wa kimataifa wa vipimo vya mafuta, OIML R 117, unaruhusu pampu kupotoka hadi asilimia 0.5, yaani mililita 100 katika lita 20, juu au chini. Tuseme pampu za sheli yetu zinatoa mililita 50 zaidi katika kila lita 20. Ziko ndani ya kiwango kabisa. Lakini mita ikisema 16,200, kwenye tenki zimetoka lita 40 zaidi ya hizo. Wateja wamezichukua bila kujua, na kijana amezitoa bila kujua.

Jumlisha: 48, na 20, na 40. Ni lita 108. Zimebaki 27 ambazo hatujazipata, na hizo ziko kwenye fimbo. Tenki la pipa likiwa na mafuta ya kiasi kile, milimita moja ya kina ni kama lita 13. Lita 27 ni milimita mbili. Fimbo ikiingia imeinama kidogo, au mafuta yakiwa bado yanacheza, au msomaji akikosea mstari kwa unene wa sarafu, lita 27 zinazaliwa au zinakufa. Na ikiwa tenki limezama upande mmoja tangu lilipofukiwa, chati yenyewe inasema uongo kila siku.

Basi zile lita 135 zimepatikana zote, na hakuna mwizi. Kuna joto, mvuke, mita na fimbo. Lakini 405,000 zimekatwa kwenye mishahara ya watu watano, na aliyekata analala usingizi!

WAKUBWA PETROLI YAO INARUHUSIWA KUPAA

Haiingii akilini kwamba mambo haya ni siri. Katika mchanganuo wa bei kikomo ambao EWURA imekuwa ikiutoa, umekuwemo mstari wa upotevu wa uvukizi kwa wanaoagiza mafuta. Maana yake wakubwa wa mafuta wakisema petroli imepaa, wanasikilizwa, na kilichopaa kinaingia kwenye bei unayolipa wewe mwenye bodaboda. Lakini petroli hiyo hiyo ikifika sheli inageuka kuwa jiwe. Haipai tena, inaibwa tu. Kulikoni?

Tazama na wenzetu. Kanuni za Marekani za matenki ya ardhini zinamtaka mwenye sheli anayetegemea dipu kulinganisha fimbo na mita kila mwezi. Kiwango cha kushuku kwamba tenki linavuja ni tofauti inayozidi asilimia moja ya mauzo ya mwezi pamoja na galoni 130, ambazo ni karibu lita 490. Hawasemi kila tofauti iliyo chini ya hapo ni halali. Wanachokubali ni kwamba fimbo na mita haviwezi kulingana lita kwa lita. Kwetu bosi anataka vilingane hadi tone la mwisho, na visipolingana kuna mtu wa kulipa, na mtu huyo si yeye.

KILA UPOTEVU UNA ALAMA YAKE

Kuna atakayesema: "Wewe unatetea wezi." Hapana, bwana. Wezi wapo kwenye sheli, na kila anayeyafahamu mazingira yale anajua hivyo. Ninachosema ni kwamba upotevu huacha alama, na anayejua kusoma alama hahitaji kukisia.

Kama ni joto, pengo linatokea mara lori linaposhusha na siku moja au mbili baadaye, kisha linatulia. Kama ni uvukizi, unaonekana kwenye petroli tu. Dizeli haivuki kiasi cha kuhesabika. Bosi akikwambia dizeli yake imepungua lita 100 kwa uvukizi, mcheke, kisha umwambie atafute sababu nyingine.

Kama ni pampu, pengo linapanda na kushuka pamoja na mauzo. Ukiuza mara mbili linakuwa mara mbili, ukiuza kidogo linakuwa dogo. Kuhakikisha ni kazi ya dakika chache. Chukua chombo cha kupimia cha lita 20 kilichohakikiwa, kile chenye shingo nyembamba na mistari. Kilowanishe kwa mafuta kwanza na ukimwage, kwa sababu chombo kikavu hubakiza mafuta ubavuni na kudanganya. Jaza hadi pampu iseme 20, kisha soma shingo. Fanya hivyo kwa kila nozeli. Halafu mafuta yanarudi kwenye tenki, na hapo kuna mtego: mita imeshahesabu lita 20 ambazo hakuna mteja aliyelipia. Zisipoandikwa kwenye daftari, shifti ya kijana inakuwa na pengo la shilingi 60,000 kwa kila nozeli iliyopimwa. Wapo waliolipishwa hata hizo!

Kama ni tenki linalovuja, pengo halijali mauzo wala lori. Funga pampu usiku, piga dipu, piga tena alfajiri kabla ya kuuza. Kina kikiendelea kushuka usiku baada ya usiku, mafuta yanakwenda ardhini, na majirani wenye visima waambiwe haraka.

Na kama ni mwizi, mara nyingi yuko kwenye lori. Karatasi zinasema lita 10,000, zimeshushwa 9,700. Dawa yake ni kukagua sili za lori kabla hazijakatwa, kupiga dipu ya tenki kabla ya kushusha, kusimamisha pampu za tenki hilo, kuacha mafuta yatulie, na kupiga dipu tena kabla ya dereva kuondoka. Pengo la lita 300 haliwezi kuwa joto wala mvuke wa lori moja. Sasa jiulize: ni nani anayepokea lori saa tano ya usiku bila dipu na kusaini karatasi? Ni kijana wa nozeli?

KIBAO KIKIGEUKA, MBONA KIMYA?

Sasa tuje upande wako, wewe unayetia mafuta. Hesabu ile ile inaweza kukufumbua macho.

Umeona kwamba joto la lori na mvuke vyote vinavuta petroli kushuka. Sheli inayouza kwa haki inatarajia dipu yake iwe pungufu kidogo ya daftari. Basi ukisikia sheli ambayo kila wiki, mwaka mzima, petroli yake inazidi daftari, uliza maswali. Hiyo ziada imetoka wapi, wakati mafuta hayazaliani?

Rudi kwenye sheli ya mfano wetu. Badala ya kutoa mililita 50 zaidi, sasa pampu zinatoa pungufu ya mililita 200 katika kila lita 20. Hiyo ni mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwa mauzo ya lita 16,200, lita 162 zinabaki kwenye tenki ingawa zimelipiwa. Ondoa 68 za joto na mvuke, dipu bado inaonyesha ziada ya lita 94. Siku hiyo hakuna kikao, hakuna daftari la shoti wala neno "wezi". Bosi anatabasamu, na lita 162 zilizolipiwa kwa shilingi 486,000 ni zako wewe, mwenye daladala, mwenye bodaboda, mwenye bajaji. Nimefanya kazi kwenye sheli, sijawahi kuona bosi akigawa ziada kwa vijana kama anavyogawa shoti!

Hapo ndipo ninaposema huu ni mchezo wa upande mmoja. Pampu ikimpendelea mteja, analipa kijana. Pampu ikimpendelea bosi, analipa mteja. Bosi hajawahi kulipa.

Usidanganyike kupima kwa chupa ya maji ya kunywa. Chupa si kipimo, na ukiigombea utaonekana mjinga. Una haki ya kutaka kuona namba zimerudi sifuri kabla nozeli haijaingia, na kuangalia stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu. Ukishuku, peleka malalamiko kwa wakala huo. Kazi hiyo wamepewa na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na chombo cha lita 20 wanacho.

SHERIA IPO, INASOMEKA

Kijana mwenzangu wa nozeli, hili ni lako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inazungumzia makato kwenye kifungu cha 28. Mwajiri hakati mshahara kwa kujisikia. Ili akukate kufidia hasara, lazima uwe umekubali deni hilo kwa maandishi, na hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako. Lazima pia akueleze kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi alivyokipata, na akupe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayazidi robo ya mshahara wako wa fedha.

Soma tena maneno "kosa lako". Joto la ghala ni kosa lako? Bomba fupi la kushushia ni kosa lako? Tenki lililoinama? Bosi atakwambia ulisaini mkataba wa kulipa shoti. Sawa, lakini saini haigeuzi mvuke kuwa wizi, na sheria bado inamtaka aonyeshe kosa na hesabu. Akigoma, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Usiende mikono mitupu. Kuanzia leo andika mita zako za kuingia na kutoka kwenye daftari lako mwenyewe, na fedha ulizokabidhi. Andika siku lori liliposhusha, kama dipu ilipigwa kabla na baada, na siku pampu zilipopimwa kwa lita 20. Daftari la shilingi mia chache linaweza kumshinda meneja mwenye kompyuta.

Na wewe bosi unayesoma gazeti hili kwa kificho nyuma ya kaunta, hatukuombi hisani. Bandika hesabu ya dipu ukutani kila wiki, mafuta yaliyokuwepo, yaliyoletwa, yaliyouzwa na yaliyobaki, ili kila mwenye macho aone. Pima nozeli zako mbele ya vijana. Piga dipu lori likija. Ukishafanya hayo na bado ukamkuta mwizi, mpeleke polisi, nasi tutakupigia makofi.

Lakini kama hutaki kupima, hutaki kuandika, hutaki kuonyesha, unataka kukata tu, basi usitafute mwizi kwenye nozeli. Jitazame kwenye kioo cha ofisi yako.